Bahasha ya Alhamisi Iliyofunguliwa Jumatano: Uchambuzi wa Waraka Mmoja kwa Wasimamizi wa Mitihani

Kisa hiki kilitokea Pemba wakati wa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, ule ambao walimu na wanafunzi wanauita moko. Jina la wilaya, la skuli na la kila aliyehusika limeondolewa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Mimi nilikuwa miongoni mwa walimu watatu walioitwa na Afisa Mitihani baada ya tukio, tukae naye kuupitia waraka aliowaandikia wasimamizi na tumwambie wazi ulipoangusha. Nimeandika kwa ajili ya maafisa na walimu wanaoandika nyaraka za aina hiyo kila mwaka, mara nyingi kwa kubadilisha tarehe kwenye waraka wa mwaka uliopita.

Mazingira

Mtihani wenyewe wa kumaliza kidato cha nne unatungwa na kusimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, kwa Zanzibar kama ilivyo kwa Bara. Moko ni kitu cha chini yake. Skuli za eneo zinajikusanya, walimu wanatunga, ofisi inachapisha, na matokeo yake hayaingii kwenye cheti cha mtu. Kazi yake ni kuonyesha nani yuko wapi kabla ya Novemba. Hata hivyo ofisi hupanga skuli kwa orodha, na orodha hiyo inasomwa na wazee kwa makini kuliko ofisi inavyodhani.

Kituo kilichohusika kiko mbali na ofisi, kama nusu saa kwa gari barabara ikiwa kavu. Kwa mtihani wa NECTA karatasi huhifadhiwa chini ya ulinzi na kupelekwa vituoni kwa siku yake. Kwa moko ofisi haikuwa na gari wala mafuta ya kufanya hivyo, kwa hiyo vituo vya mbali vilipelekewa bahasha za wiki nzima Jumatatu. Zilikaa ndani ya kabati la chuma ofisini kwa mwalimu mkuu, kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mkuu na mwengine kwa msimamizi mkuu wa chumba.

Watahiniwa wa masomo ya sayansi walikuwa 36, wote chumba kimoja, wakikaa kwa mpangilio wa namba zao. Kila bahasha ilitiwa nakala 38, yaani za watahiniwa wote na mbili za ziada. Ilikuwa ni msimu wa karafuu, na kama mwalimu yeyote wa Pemba anavyojua, msimu wa karafuu huacha madawati matupu hata wiki ya mtihani. Dawati moja kati ya hayo litakuja kuwa na kazi katika kisa hiki.

Bahasha zilikuwa za kaki, zimefungwa kwa gundi na utepe wa rangi ya udongo, na muhuri wa ofisi umepigwa katikati ya utepe ili nusu iangukie utepe na nusu karatasi. Hilo lilifanywa vizuri. Juu ya bahasha iliandikwa kwa makapeni namba ya somo na namba ya kituo tu. Fizikia ni 031, Kemia ni 032.

Waraka wenyewe

Ulikuwa na kurasa mbili na aya tisa, na ulianza kama zinavyoanza nyaraka zetu zote: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Aya nyingi zilikuwa za kawaida, kuhusu kufika mapema, kutobadilishana zamu bila ruhusa, na kuhesabu vijitabu vya majibu mwisho wa mtihani na kuvilinganisha na karatasi ya mahudhurio. Nne kati yake zinahitaji kusomwa kama zilivyo.

Aya ya 4 ilisema: "Simu ikionekana kwa mtahiniwa ndani ya chumba, izimwe mbele yake, itiwe ndani ya bahasha, iandikwe saa na namba ya mtahiniwa, na atie saini yeye pamoja na msimamizi. Mtahiniwa aachwe aendelee na mtihani. Msimamizi asimhukumu."

Aya ya 5: "Kabla ya kufungua, msimamizi awaonyeshe watahiniwa wawili kwamba bahasha haijafunguliwa."

Aya ya 6: "Ni marufuku kufungua bahasha ya mtihani kabla ya wakati wake. Msimamizi atakayekwenda kinyume atachukuliwa hatua kali za kinidhamu."

Na aya ya 8: "Udanganyifu wowote uripotiwe mara moja kwa Afisa Mitihani."

Msomaji azitazame tena aya hizi nne kabla hajaendelea. Ya kwanza inamwambia mtu afanye nini kwa mikono yake, na aya ya 6 inamwambia atafanywa nini.

Jumatano asubuhi

Ratiba ilikuwa Fizikia saa 2:00. Msimamizi mkuu wa siku hiyo, nitamwita msimamizi wa kwanza, alitoa bahasha kabatini pamoja na mwalimu mkuu mnamo saa 1:40. Mkononi alichukua 032. Bahasha zilikuwa zimesimamishwa kama vitabu, wino wa makapeni ulikuwa umefifia kwa unyevu, na 1 na 2 za mwandishi yule hazikutofautiana sana. Mwalimu mkuu naye aliangalia kufuli, akaona zimefungwa tena, basi.

Chumbani alifuata aya ya 5 neno kwa neno. Aliwaita watahiniwa wawili mbele, akawaonyesha utepe na muhuri, akawauliza kama bahasha iko salama. Wakasema iko salama, na kweli ilikuwa salama. Hakuna aliyesoma maandishi ya juu, kwa sababu hakuna aliyeambiwa ayasome. Wale watoto waliulizwa kuhusu utepe, wakajibu kuhusu utepe.

Bahasha ikafunguliwa, na msimamizi msaidizi akaanza kupanga karatasi juu ya madawati kuanzia namba ya 1. Alipofika dawati la 14, mtahiniwa mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Mwalimu, hii ni Kemia." Chumba kikachemka. Karatasi zikakusanywa haraka, kila mtahiniwa akitoa yake, zikarudishwa ndani ya bahasha. Kwa maelezo ya wote wawili, kutoka karatasi ya kwanza ilipowekwa mezani hadi zilipokusanywa hazikupita dakika tatu. Hawakuzihesabu. Msimamizi wa kwanza alikwenda kabatini, akaleta 031, na Fizikia ikaanza kwa kuchelewa dakika saba.

Baada ya mtihani alinunua selotepu dukani, akaifunga bahasha ya Kemia na kuirudisha kabatini. Hakuandika chochote na hakupiga simu. Msaidizi wake alijua, mwalimu mkuu alijua nusu yake. Vijitabu vya Fizikia vilihesabiwa vikawa 33, mahudhurio 33, vikafungwa na kupelekwa ofisini jioni ile ile na gari lililokuwa likizunguka vituoni.

Alhamisi kabla ya saa 2:00

Waraka ulikuwa umeweka mzunguko, kila siku msimamizi mkuu wa chumba anahama kituo. Kwa hiyo Alhamisi alikuja mwalimu mwengine. Yeye alipoipokea bahasha ya 032 saa 1:40 aliona selotepu nyeupe juu ya utepe uliokatwa, na muhuri umegawika. Hakuifungua mbele ya watahiniwa. Alifunga mlango wa ofisi, akamwita mwalimu mkuu na msaidizi wa siku hiyo, akazihesabu nakala mbele yao. Zilikuwa 37.

Simu ya Afisa Mitihani haikupatikana mara ya kwanza wala ya pili. Alikuwa njiani, mahali pasipo na mtandao mzuri. Saa 1:52 akapatikana kwa laini ya mwalimu mkuu.

Afisa aliuliza maswali mawili tu: zimebaki ngapi, na watahiniwa wako wapi sasa hivi. La pili ndilo lililokuwa na maana zaidi kwa dakika zile. Watahiniwa walikuwa nje, chini ya mwembe, wakiwa na mabegi yao, na wengine simu zimo ndani ya mabegi hayo.

Uamuzi na sababu zake

Mbele yake kulikuwa na njia tatu. Kuusimamisha mtihani wa Kemia kwenye vituo vyote. Kuusimamisha kwenye kituo kile pekee. Au kuuendeleza kote na kushughulikia tatizo baadaye.

Kusimamisha vituo vyote hakukuwezekana kwa dakika nane zilizobaki, na kwengine hata simu haingeshika. Wala hakukuwa na karatasi ya akiba ya Kemia iliyotungwa. Kusimamisha kituo kimoja kulionekana ndio uadilifu, na mwalimu mkuu ndicho alichokitaka. Lakini tazama kingetokea nini: saa 5:00 vituo vingine vinamaliza, watahiniwa wanatoka na karatasi za maswali mikononi, na watoto wa kituo kile, ambao wana ndugu na marafiki kila skuli ya wilaya, wanaipata Kemia yote kabla ya adhuhuri. Kuanzia hapo mtihani wao haupo tena. Ilipofika saa 1:52, kitu pekee ambacho bado kilikuwa kinaweza kulindwa ni hicho: wasikutane na waliokwisha kuufanya.

Afisa akaamua hivi. Watahiniwa waingizwe chumbani mara moja, mabegi yabaki ofisini kwa mwalimu mkuu, na wakae kimya bila karatasi. Bahasha ifunguliwe upya mbele yao, waambiwe kwa ufupi kwamba ilifunguliwa kwa makosa jana, bila kutajwa mtu. Mtihani uanze saa 2:20 na umalizike saa 5:20, ili wasipoteze muda wao. Watahiniwa waliofika siku hiyo walikuwa 34, nakala 37 ziliwatosha. Vijitabu vya kituo kile vifungwe peke yake, na msimamizi mkuu aandike taarifa kabla hajaondoka kituoni.

La mwisho katika uamuzi wake ndilo walimu wengi wamelibishia, hata nilipowasimulia mimi. Msimamizi wa kwanza, aliyekuwa tayari anasimamia kituo chengine asubuhi ile, hakuitwa wala kuondolewa katikati ya mtihani. Afisa alimfuata saa 5:00. Sababu yake ni kwamba kumtoa chumbani kungeacha chumba cha pili na msaidizi peke yake, na kungeeneza habari kwenye kituo ambacho hakikuwa na tatizo. Nadhani alikuwa sahihi. Maelezo ya mtu hayaharibiki kwa kungoja saa tatu, chumba cha mtihani kinaharibika kwa dakika kumi.

Dakika ishirini za kuchelewa zilikuwa na hatari yake, maana kituo hiki kilimaliza baada ya vingine. Lakini waliochelewa walikuwa ndani, na waliotangulia hawakuwa na njia ya kuwafikia.

Nakala iliyopungua

Karatasi moja iliyopotea ni jambo zito kuliko karatasi 13 zilizoonekana kwa dakika tatu. Kumbukumbu ya dakika tatu ina mipaka. Karatasi nzima inaweza kupigwa picha na kufika Wete, Chake na Unguja kabla ya Isha. Kwa hiyo jioni ya Alhamisi swali lilikuwa moja: nakala ya 38 iko wapi?

Msimamizi wa kwanza hakujua. Msaidizi wake naye alisema hajui, lakini alipoulizwa aliziweka vipi, alisema kitu ambacho hakukiona kuwa na maana: alikuwa akiweka karatasi kwenye kila dawati kwa mpangilio, la kwanza, la pili, la tatu. Afisa akaichukua karatasi ya mahudhurio ya Jumatano. Mtahiniwa namba ya 9 hakuwepo siku ile. Dawati lake lilikuwa tupu, na liko ndani ya yale 14 ya mwanzo.

Bahasha ya vijitabu vya Fizikia ilikuwa bado haijafunguliwa ofisini. Ilifunguliwa Ijumaa asubuhi mbele ya watu watatu, na kila aliyekuwepo akaandika jina na saa. Vijitabu vilikuwa vimekusanywa kwa mfuatano wa namba. Kati ya kijitabu cha namba ya 8 na cha namba ya 10 ilikuwemo karatasi ya maswali ya Kemia, safi, haikuandikwa kitu.

Ndipo ilipoeleweka. Karatasi zilipokusanywa kwa haraka, kila mtahiniwa alitoa ya kwake, na dawati lisilo na mtu halikuwa na wa kutoa. Karatasi ikabaki pale kwa saa tatu zote za Fizikia. Mwisho wa mtihani msaidizi alipopita kukusanya vijitabu, aliizoa pamoja navyo. Hesabu ya vijitabu ikatoka sawasawa, 33 kwa 33, kwa sababu ilikuwa hesabu ya vijitabu. Karatasi nyembamba iliyolala chini ya kijitabu haihesabiki na mtu anayesoma namba za majalada.

Mahali ilipopatikana kulithibitisha kwamba haikutoka chumbani. Hakukuthibitisha kwamba haikusomwa. Msaidizi alisema ana mazoea ya kuziweka karatasi kifudifudi, na huenda ni kweli, lakini hakuna aliyeweza kuapa kuhusu ile moja. Walioketi dawati la 8, la 10 na la nyuma yake walikuwa nayo karibu asubuhi nzima.

Matokeo

Ofisi ililinganisha alama za swali la kwanza la Kemia, lile la kuchagua jibu, kati ya watahiniwa 13 walioshika karatasi na wenzao. Ukurasa wa kwanza ndio ambao mtu angeuona kwa dakika tatu. Tofauti ya maana haikuonekana. Afisa hakulitegemea hilo, na alifanya vyema, kwa sababu watu 13 ni wachache mno, na hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Walikuwa ni wenye namba za mwanzo. Kipimo cha namna hiyo kinaweza kufichua wizi mkubwa. Hakiwezi kumsafisha mtu.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kwamba kila mtahiniwa apewe alama zake za Kemia, ajue anachokijua na asichokijua, lakini Kemia ya kituo kile isiingizwe kwenye orodha ya kulinganisha skuli. Ungekuwa ni mtihani wa NECTA, hili lisingekuwa la kuamuliwa na afisa wa wilaya hata kidogo. Kazi yake ingekuwa kuwasilisha taarifa na vielelezo na kungoja Baraza.

Msimamizi wa kwanza alipewa onyo la maandishi kwa kuficha. Kwa kufungua bahasha isiyo yake hakuadhibiwa. Afisa aliyaandika mambo hayo mawili kwenye sentensi mbili tofauti ndani ya barua ya onyo, na hilo peke yake lilisomwa na walimu wengi kuliko waraka wote.

Kilichofanywa vibaya ni upande wa wazee. Orodha ilitoka, skuli ile haina Kemia, na barua ya maelezo kwa kamati ya skuli ikachelewa wiki nzima. Ndani ya wiki hiyo habari iliyozunguka ni kwamba mtihani umevuja na watoto wameiba. Barua ilipofika ilikuta watu wameshaamua.

Waraka ulipofaa na ulipoangusha

Wiki ile ile, kituo chengine kilipata tukio la simu. Ililia ndani ya mfuko wa sare katikati ya mtihani wa Baiolojia. Msimamizi alifuata aya ya 4 kama anayesoma maelekezo ya dawa. Akaizima mbele ya mwenyewe, akaitia ndani ya bahasha, akaandika saa, zikatiwa saini mbili, na mtoto akaendelea kuandika. Taarifa iliyofika ofisini ilikuwa nusu ukurasa na ilitosha kuamulia, kwa sababu ilikuwa na saa, namba, na saini ya mtuhumiwa mwenyewe, na haikuwa na hata sentensi moja ya hasira.

Kwa hiyo si kweli kwamba walimu hawasomi nyaraka. Walisoma, na mbili hizi walizitekeleza kwa herufi, aya ya 4 ikazaa taarifa nzuri na aya ya 5 ikazaa mashahidi wa utepe. Tulipomuuliza msimamizi wa kwanza kwa nini hakupiga simu Jumatano, hakutoa udhuru mrefu. "Aya ya sita niliisoma," alisema. "Ilikuwa inanizungumzia mimi."

Hapo ndipo waraka ulipoangusha. Aya ya 6 haikumtofautisha anayefungua bahasha usiku ili auze maswali na anayefungua bahasha isiyo yake mbele ya watu 33 saa mbili kasorobo. Wote wawili wameahidiwa hatua kali. Mwizi hakuihitaji aya hiyo, anajua anachokifanya. Aliyeisikia ni yule mkweli aliyekosea, na alichosikia ni kwamba kusema kutamponza. Kisha aya ya 8 ikataka udanganyifu uripotiwe. Yeye hakudanganya, wala hakuona aliyedanganya, kwa hiyo kwa maandishi ya waraka hakuwa na kitu cha kuripoti.

Tukajiuliza nini kingefanyika kama angepiga simu Jumatano saa 2:15. Nakala zingehesabiwa pale pale, zingekuwa 37, na ya 38 ingetafutwa watu wakiwa bado ndani ya chumba. Ingeonekana juu ya dawati tupu kwa kugeuza shingo. Halafu ofisi ingekuwa na kutwa nzima na usiku wa kubadilisha maswali ya sehemu ya kwanza ya Kemia. Hasara kubwa ya kisa hiki haikutokana na kufunguliwa kwa bahasha. Ilitokana na saa 24 za kimya.

Yapo mawili yaliyookoa, na haki yake lazima tuitaje. Mzunguko wa wasimamizi uliandikwa kwenye waraka kwa makusudi, na bila ya huo mtu yule yule angeifungua tena bahasha yake mwenyewe Alhamisi. Na muhuri uliopigwa nusu utepe nusu karatasi ulifanya selotepu ionekane mara moja. Lakini kuhesabu nakala kabla ya mtihani hakukuwemo ndani ya waraka. Msimamizi wa Alhamisi alihesabu kwa tabia yake, na ofisi haiwezi kujenga utaratibu wake juu ya tabia njema ya mwalimu mmoja.

Waraka mpya

Tulichopendekeza hakikuwa kirefu. Aya ya 5 iliandikwa upya:

"Kabla ya kufungua, msimamizi asome kwa sauti maandishi yaliyo juu ya bahasha: jina la somo, namba ya karatasi, siku, tarehe na saa. Mtahiniwa mmoja asome ratiba iliyobandikwa ukutani kwa sauti. Yakilingana, watahiniwa wawili wakague utepe na muhuri, watie saini nyuma ya bahasha, ndipo ifunguliwe. Nakala zihesabiwe kabla ya kugawiwa, na idadi iandikwe juu ya bahasha. Dawati lisilo na mtu lisiwekewe karatasi."

Ili aya hiyo itekelezeke, ilibidi ofisi nayo ibadilike. Namba ya somo peke yake haitoshi. Jina na siku vichapishwe kwa mashine na kubandikwa. Na kwa vituo vya mbali, ambavyo bado vitapelekewa vya wiki nzima kwa sababu mafuta ni yale yale, bahasha za kila siku zitiwe ndani ya mfuko mmoja uliofungwa na kuandikwa siku yake, ili anayechukua Jumatano asiweze hata kuigusa Alhamisi bila kukata kamba.

Aya ya 6 na ya 8 ziliunganishwa:

"Makosa ya utaratibu ni pamoja na kufungua bahasha isiyo ya wakati wake, kukosea hesabu, kuchelewa kuanza au kutoa karatasi isiyo sahihi. Msimamizi atakayeyatolea taarifa kabla ya mtihani wa siku hiyo kumalizika hatachukuliwa hatua kwa kosa lenyewe. Kuficha ni kosa la nidhamu. Udanganyifu wa makusudi utashughulikiwa kwa mujibu wa sheria na kanuni, na si kazi ya msimamizi kuamua kama umetokea."

Mmoja wetu aliona tunalegeza sana. Alisema tukiondoa adhabu watu watazembea. Hoja yake ilifanya tuongeze neno "kabla ya mtihani wa siku hiyo kumalizika," maana msamaha usio na saa ni kama hakuna taarifa. Zaidi ya hapo hatukukubaliana naye.

Fomu ya taarifa ikawekwa nyuma ya waraka, upande mmoja wa karatasi. Inauliza saa ya tukio, bahasha ipi, nakala ngapi zilitoka mkononi, zilirudi ngapi, zilikaa nje kwa muda gani, namba za watahiniwa walioziona, na nani alikuwepo. Haina nafasi ya maoni. Chini kuna saini tatu. Namba za simu zikawa mbili, na maelekezo kwamba zote zikikosekana, msimamizi aandike saa aliyojaribu, awaingize watahiniwa chumbani, na aendelee kujaribu bila kuwaachia kutoka.

Katika moko uliofuata zilikuja fomu tatu. Moja ni ya kituo kilichokuta nakala pungufu tangu ofisini. Ofisi ndiyo iliyokosea kuhesabu. Ya pili ni ya mfuko wa siku uliofika umelowa kwa mvua, maandishi yake hayasomeki, na msimamizi akapiga simu kabla ya kukata kamba. Ya tatu iliandikwa na mwalimu aliyefungua bahasha sahihi dakika tano kabla ya wakati kwa sababu saa yake ilikuwa mbele. Afisa aliipiga muhuri, akaandika pembeni "imepokelewa, hakuna hatua," akampelekea nakala yake, na kwenye waraka wa mwaka unaofuata akaongeza kwamba saa itakayofuatwa ni ya ukutani, na msimamizi mkuu aihakikishe kwa simu kabla ya watahiniwa kuingia.